Kilele cha chujio linganifu: kwa nini mwisho wa mpigo?

"Umbo la mpigo tunalijua, tumeupitisha kwenye chujio linganifu, na kilele kinaonekana vizuri hata kelele ikiwa nyingi. Lakini kinatokea mpigo unapoisha, si unapoanza. Hiyo ni sheria ya fizikia au ni vile tu watu wameamua kuhesabu?"

Swali hili lilitoka kwa vijana wa Nairobi wanaotengeneza kipimo cha maji cha tangi la juu ya paa. Kifaa chao kinatuma mlio wa kilohezi 40 usiosikika kwa sikio, kinasubiri mwangwi kutoka usoni mwa maji, kinautafuta ndani ya kelele kwa chujio linganifu, yaani hesabu inayolinganisha kinachosikika na umbo la mpigo uliotumwa, kisha kinahesabu umbali. Kila mmoja kati yao alikuwa na jibu lake, na majibu yalikuwa mawili: upande wa kwanza ulisema ni sheria ya fizikia, wa pili ulisema ni namna ya kuhesabu tu. Naona yote mawili yana haki, ila hayalingani uzito.

Tuanze na mpigo mdogo kabisa, ambao mtu anaweza kuukokotoa kwenye karatasi. Mpigo wetu una sampuli tatu: 1, 2, 3. Unapanda na kukatika ghafla. Chujio lake linganifu lina uzito ule ule, ila umegeuzwa nyuma mbele: 3, 2, 1.

Kugeuza huku ndiko kunakowachanganya wengi, na ndiko kunakobeba jibu lote. Chujio linalofanya kazi papo kwa papo huzidisha sampuli mpya zaidi kwa uzito wake wa kwanza, iliyotangulia kwa uzito wa pili, na ya kabla ya hapo kwa uzito wa tatu, kisha hujumlisha. Sasa simama pale sampuli ya mwisho ya mpigo, yaani 3, inapoingia. Hiyo ndiyo mpya zaidi, kwa hiyo inakutana na uzito wa kwanza. Sampuli ya 1 ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko zote, kwa hiyo inakutana na uzito wa mwisho. Ukitaka kila sampuli ikutane na uzito unaolingana nayo kwa wakati mmoja, uzito wa kwanza lazima uwe 3 na wa mwisho uwe 1. Hapo jumla ni 9 + 4 + 1 = 14.

Ukifuata hatua zote, matokeo ni 3, 8, 14, 8, 3. Kilele kiko kwenye hatua ya tatu, ambayo ndiyo hatua ya sampuli ya mwisho kuingia. Kabla ya hapo sehemu ya mpigo bado haijafika. Baada ya hapo sehemu yake imeanza kutoka.

Kelele nayo inapita kwenye chujio hilo hilo. Tuseme kila sampuli ina kelele yenye mtawanyiko wa 1, na kelele ya sampuli moja haihusiani na ya nyingine. Mitawanyiko hujumlishwa kwa miraba yake, kwa hiyo kelele inayotoka ina mtawanyiko wa kipeuo cha pili cha 14, yaani takriban 3.74. Kilele cha 14 kinaizidi kelele hiyo mara 3.74. Ungejumlisha sampuli tatu bila uzito wowote ungepata 6 dhidi ya 1.73, yaani mara 3.46. Ungetegemea sampuli kubwa peke yake ungepata mara 3. Hakuna chujio la mstari, yaani linalozidisha sampuli kwa uzito na kujumlisha tu, litakalozidi 3.74 kwa mpigo huu katika kelele ya aina hii. D. O. North aliandika hoja hiyo mwaka 1943 akiwa maabara za RCA, kampuni ya redio ya Marekani, wakati rada ndiyo iliyokuwa shughuli kubwa: ubora wa kilele unategemea nishati yote ya mpigo na ukubwa wa kelele, hautegemei umbo la mpigo.

Hapa ndipo upande wa kwanza unaposimama, na unasimama imara. Nishati yote haiwezi kuhesabiwa kabla haijafika. Ukilazimisha uamuzi baada ya sampuli mbili tu, ulichonacho ni 1 na 2. Chujio bora kwa saa hiyo ni 2, 1, linalotoa 5 dhidi ya kelele ya 2.24, na ubora wako ni mara 2.24 badala ya 3.74. Umepata jibu mapema, lakini umelipa. Kwa maana hiyo, mwisho wa mpigo ni wakati wa mapema kabisa ambao kifaa kinachosikiliza moja kwa moja kinaweza kutoa ubora kamili. Hilo halikubaliwi wala kukataliwa na mtu. Kesho haijafika, na chujio haliwezi kuisoma.

Upande wa pili unasema: ngoja kwanza. Ukirekodi ishara yote kisha ukaiweka kwenye kompyuta, unaweza kuchukua nakala ya mpigo, kuitelezesha juu ya rekodi bila kuigeuza, na kuuliza kila mahali inalingana kiasi gani. Kilele kitatokea pale mwanzo wa nakala unapokutana na mwanzo wa mpigo. Thamani ni 14 ile ile, kelele ni ile ile, na bado anwani ya kilele ni mwanzo. Tazama:

```python
import numpy as np
s = np.array([1, 2, 3])
r = np.array([0, 0, 1, 2, 3, 0, 0, 0])
np.argmax(np.convolve(r, s[::-1]))  # 4
np.argmax(np.correlate(r, s))       # 2
```

Mpigo unaanza nafasi ya 2 na kuisha nafasi ya 4. Mstari mmoja unataja mwisho, mwingine unataja mwanzo, na hakuna uliodanganya. Ukiongeza `mode='same'` kwenye mstari wowote kati ya hiyo miwili utapata 3, yaani katikati. Zaidi ya hayo, hakuna kinachokuzuia kuchelewesha chujio kwa hatua kumi za ziada, na kilele kitahama hatua kumi huku ubora ukibaki vile vile. Kwa hiyo, wanasema, "mwisho" ni lebo tu.

Nakubaliana nao kuhusu lebo, lakini nadhani wanavuka mpaka wanapotoka hapo na kusema wakati wa kilele hauna maana yoyote. Lebo unaweza kuisogeza nyuma kwa sababu tu rekodi imekwisha kuwepo. Ile hesabu ya `np.correlate` inayoandika 2 imesoma nafasi ya 3 na ya 4 pia. Kama sampuli zingekuwa zinaingia moja moja, jibu hilo lisingeweza kutamkwa kabla ya nafasi ya 4. Kwa hiyo kuna nyakati mbili tofauti, wakati tunaoupa mpigo na wakati tunaojua kwamba upo. Wa kwanza tunauchagua. Wa pili hatuuchagui, isipokuwa kuuchelewesha. Mabishano mengi niliyoyasikia kuhusu jambo hili ni watu wawili wanaozungumzia nyakati hizo mbili kila mmoja akidhani mwenzake anazungumzia ule wake.

Kuna kosa moja linalofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linafichika vizuri: kusahau kugeuza. Ukipitisha mpigo wetu kwenye uzito wa 1, 2, 3 badala ya 3, 2, 1, matokeo ni 1, 4, 10, 12, 9. Kilele kimeshuka hadi 12, na kiko hatua moja baada ya mpigo kuisha. Ubora umeanguka hadi mara 3.21, chini hata ya kujumlisha bila uzito. Bado kuna kilele, kwa hiyo mtu anaweza kuendelea na kazi miezi mizima bila kushtuka. Dalili yake ni umbo. Bila kelele, matokeo ya chujio linganifu lazima yawe na pande mbili zinazolingana kuzunguka kilele, kama 3, 8, 14, 8, 3. Pande zikitofautiana, chujio halikulingana na mpigo. Onyo dogo tu: ukijaribu kwa mpigo ambao wenyewe una pande zinazolingana, mfano 1, 2, 1, kugeuza hakubadilishi kitu na kosa halitaonekana. Jaribu daima kwa mpigo ulioinama upande mmoja.

Turudi kwenye tangi, maana huko lebo inageuka kuwa maji. Mlio wa mizunguko 8 kwa kilohezi 40 unachukua maikrosekunde 200. Saa ya kifaa inaanza mlio unapoanza kutoka, lakini kilele cha chujio kinakuja mwangwi unapoisha. Usipotoa zile maikrosekunde 200, umbali unazidi. Sauti hewani ikiwa nyuzi 20 husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na mlio huenda na kurudi, kwa hiyo ziada ni sentimita 3.4. Kifaa kitasema maji yako chini kuliko yalivyo. Kwenye tangi lenye kipenyo cha mita 2, hizo ni karibu lita 108 ambazo zimo lakini hazihesabiwi.

Nakala ya mpigo pia inataka uangalifu. Kihisi kinachotoa mlio wa aina hii hakizimiki mara moja. Kinaendelea kutetemeka baada ya umeme kukatika, kwa hiyo mwangwi unaorudi ni mrefu kuliko mizunguko 8 uliyoiagiza na kingo zake zimelainika. Elekeza kihisi kwenye ukuta ulio umbali unaoujua, rekodi mwangwi ule, na uutumie huo kama nakala. Ukitumia mizunguko 8 safi ya kwenye karatasi, chujio si linganifu tena, na ile "maikrosekunde 200" unayoitoa si urefu wa kweli wa kitu ulichopokea.

Makosa haya yanaweza kutenganishwa kwa kupima umbali kadhaa unaojulikana, mfano nusu mita, mita moja na mita moja na nusu. Kosa likiwa lile lile kila mahali, tatizo ni lebo ya mwanzo na mwisho, na dawa yake ni kutoa namba moja. Likikua kadiri umbali unavyokua, tatizo ni kasi ya sauti, ambayo hubadilika takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, na hapo unahitaji kipimajoto ndani ya tangi. Na likirukaruka kwa hatua za milimita 4 hivi, kelele inakupeleka kwenye kilele cha jirani: mlio wa masafa yasiyobadilika hutoa vilele vingi vilivyoachana kwa mzunguko mmoja wa maikrosekunde 25, na kwa mizunguko 8 safi kile cha jirani kina urefu wa saba ya nane ya kile kikuu. Kosa hilo la tatu haliondolewi kwa kutoa namba yoyote. Linataka nishati zaidi, au mlio ambao masafa yake yanapanda kadiri unavyoendelea.