Mtori Ndani ya Kikombe

Kikundi chetu cha mchezo kina wanachama 12, wote wakazi wa Majengo hapa Moshi, na kila mwezi kila mmoja wetu hutoa shilingi 50,000 ambazo hukabidhiwa kwa mkupuo kwa yule ambaye zamu ni yake. Mwenye zamu ndiye mwenyeji. Hukusanya wenzake nyumbani kwake Jumapili ya kwanza baada ya ibada, akawaandalia mahali pa kukaa na kitu cha kutia mdomoni, kisha akaondoka na shilingi 600,000, kama neno kuondoka linaweza kutumika kwa mtu ambaye yuko kwake na bado ana vyombo vya kuosha.

Mwezi Januari tulipiga kura kwa vikaratasi vilivyokunjwa na kutikiswa ndani ya kofia ya mwenyekiti. Nilichomoa karatasi yenye namba 11, yaani Novemba. Wenzangu walinipongeza kwa kunishika mkono na kuniambia kwamba namba za mwisho zina baraka, kwa sababu fedha huja wakati wa kuelekea sikukuu na ada za shule. Nimekuwa na muda wa kutosha wa kuitafakari baraka hiyo, na sasa naomba kuieleza kwa utaratibu.

Aliyepata namba 1 alitoa 50,000 yake siku ileile akapokea 600,000, jambo ambalo maana yake ni kwamba sisi wengine tulimkopesha 550,000 bila riba, naye anaendelea kuturudishia kidogo kidogo hadi Desemba. Mimi kufikia Oktoba nilikuwa nimeshatoa 500,000 bila kupokea hata senti. Kwa lugha ya benki mimi ni mkopeshaji, lakini mkopeshaji ninayemfahamu mimi huwa na kiti chenye magurudumu na karani wa kumletea chai, ilhali mimi natakiwa niwapikie wadaiwa wangu.

Hapo ndipo linapoingia suala la viburudisho. Katiba yetu, kifungu cha tisa, inasema mwenyeji atatoa kinywaji kimoja na kitafunwa kimoja kwa kila mwanachama. Kifungu hicho kiliwekwa kwa nia njema kabisa, kwa sababu katika mzunguko uliopita mama mmoja alitumia karibu nusu ya fedha alizopokea kuwalisha waliompa. Waliokiandika hawakujua kwamba watu wa mtaa wetu wakipewa sheria huisoma kama wakili, na kwamba kila kisichokatazwa kwa jina huhesabiwa kuwa kimeruhusiwa.

Mwenyeji wa Januari alitupa chai ya rangi na maandazi mawili mawili, na hakuna aliyelalamika. Wa Februari akaona si vizuri kurudia chai ya rangi, akaleta ya maziwa pamoja na chapati. Machi tukapata soda na sambusa, na sambusa zilikuwa tatu kwa kila sahani, ila mwenyeji alifafanua kwamba kifungu kinazungumzia aina na hakizungumzii idadi. Mwenyekiti, ambaye tayari alikuwa na ya pili mdomoni, alikubaliana na tafsiri hiyo.

Mambo yaliharibika rasmi mwezi Juni. Mwenyeji, ambaye ni mzaliwa wa Kibosho na ana heshima kubwa mtaani, alituletea mtori. Ninausema kwa heshima zote, kwa sababu mtori wa ndizi mshare na nyama iliyochemka mpaka ikasahau mfupa ni chakula ambacho mzazi aliyetoka kujifungua hupewa ili arudishe nguvu, na sisi wote siku ile tulirudisha nguvu ambazo hatukuwa tumezipoteza. Lakini aliuleta ndani ya vikombe. Katibu alipohoji iwapo mtori ni kitafunwa, mwenyeji alijibu kwamba hautafunwi, unanywewa, kwa hiyo ni kinywaji, na kitafunwa kilikuwa bado kinakuja. Kilipokuja kilikuwa mbavu za mbuzi.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Agosti tulikula ndizi nyama. Septemba tulikula pilau, ambayo iliingizwa kwenye muhtasari kama kitafunwa kikavu. Oktoba ilitolewa mbege kwa hoja kwamba ni kinywaji kimoja, na kweli kilikuwa kimoja, kwa maana kwamba kililetwa ndani ya ndoo moja. Tena tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwezi Juni 2019, wanachama wenye watoto wamezoea kuja na hotipoti zenye mifuniko, ambazo huziweka chini ya viti wakati wa sala ya kufungua na kuziinua zikiwa nzito wakati wa sala ya kufunga.

Sasa nimepiga hesabu. Kwa mujibu wa katiba, mwenyeji akitoa soda moja na chapati moja kwa watu 12, hapa kwetu hatavuka shilingi 15,000. Orodha aliyoniandikia mke wangu, ikiwa na nyama kilo nne, mkungu wa mshare kutoka soko la Mbuyuni, mchele, kreti ya soda, mkaa na viti vya kukodi, imefika 120,000. Mwenyeji wa Januari hakutumia zaidi ya 10,000, akabaki na 590,000 mkononi wakati mfuko wa saruji ukiwa bado na bei ya Januari. Mimi nitabaki na 480,000. Mtu anaweza kuniambia kwamba nami nimekula kwa wenzangu mwaka mzima, na ni kweli, nimekula; lakini yule wa Januari naye alikuwa amekaa pembeni yangu akila mbavu zilezile, na deni lake la ukarimu alishalimaliza kwa maandazi. Kwa hiyo aliyechomoa namba ya mwisho anakopesha kwa muda mrefu kuliko wote na anapika wakati kiwango cha mapishi kimeshapanda hadi juu.

Liko na la tatu, ambalo ndilo linaninyima usingizi kuliko nyama. Mtu ambaye ameshapokea fedha zake hana haraka tena na vikao. Dalili zake nimezisoma vizuri. Kwanza anaanza kuchelewa, akitozwa faini ya 2,000 bila kubisha, wakati zamani alibishana hata kwa dakika moja. Kisha haji, anatuma kwa simu. Kisha anatuma 50,000 kamili bila ya kutolea, hivyo makato ya wakala yanaangukia kwa mwenyeji, na katiba haisemi lolote juu ya hilo. Mwishowe anapiga simu saa chache kabla ya kikao akiuliza kama anaweza kuleta nusu, na hiyo nusu nyingine aimalizie katikati ya mwezi. Oktoba wanachama wawili walileta nusu. Mwenyeji alikabidhiwa 550,000 na mfuko wa jamii, ambao ni wa misiba na wagonjwa, ulikopwa kufidia pengo. Ikitokea tena Novemba, mfuko hautakuwa na kitu, na mwenye pengo nitakuwa mimi. Vikundi vyenye busara huwaweka wanachama wapya na wale wenye kipato cha kuyumba kwenye namba za mwisho, ili asiwepo anayekula na kutoweka, au humtaka kila anayepokea mapema awe na mdhamini ndani ya kikundi. Sisi tulitumia kofia.

Kuhusu ajenda sina mengi ya kulalamika, isipokuwa mpangilio. Tunafungua kwa sala, tunaita mahudhurio, tunasoma muhtasari, tunaingia kwenye yatokanayo, na hapo ndipo saa nzima hupotea, kwa sababu yatokanayo ya kikundi chetu ni kujadili nani alisema nini kuhusu chakula cha mwezi uliopita. Michango hukusanywa baada ya hapo: mweka hazina anahesabu kwa sauti, wanachama wawili wanarudia kuhesabu, mwenyeji anasaini kwenye daftari. Chai hutolewa baada ya fedha kukabidhiwa, na utaratibu huu ninauunga mkono, kwa kuwa mwaka wa kwanza tuliwahi kulisha watu kabla, na wanne walikumbuka dharura zao mara baada ya kunawa. Lakini ubaya wake ni kwamba harufu ya jikoni haijui ajenda. Mtu mwenye njaa anayesikia vitunguu vikikaangwa huwa mkali mno kwenye yatokanayo. Na mwenyeji mwenyewe anaitwa jikoni kila mara, na akirudi akakuta jina lake limeshaitwa, anatozwa faini ya kuchelewa katika sebule yake mwenyewe. Hili lilimtokea mwenyeji wa Julai, na risiti anayo.

Katika kikao cha Oktoba niliomba nafasi kwenye mengineyo. Nilipendekeza kila mwanachama aongeze shilingi 2,000 ya chai juu ya mchango wake, jumla 24,000, zikabidhiwe mwenyeji wiki moja kabla, na mwenyeji asiruhusiwe kuongeza hata shilingi moja ya mfukoni mwake. Kwa namna hiyo wa Januari na wa Desemba watalisha sawa, na anayetuma kwa simu atakuwa amechangia chai hata kama hakuinywa. Nikapendekeza pia kwamba mzunguko ujao tusipige kura bali tugeuze orodha, aliyekuwa wa mwisho awe wa kwanza.

Mjadala ulikuwa mrefu. Shemeji yangu, ambaye alipokea Februari, alisema kugeuza orodha ni kuvuruga bahati ya mtu. Mama mmoja alisema 24,000 haiwezi kununua nyama ya watu 12, nikamjibu kwamba hilo ndilo lengo, na kwa muda mfupi sebule nzima ikanitazama kama mgeni. Hata hivyo mwenyekiti alipigisha kura ya kunyoosha mikono na mapendekezo yote mawili yakapita, kwa masharti kwamba yataanza na mzunguko mpya wa Januari. Katibu akasoma azimio: kuanzia Januari fedha ya chai itakuwa 2,000 kwa kila mtu, na mtori hautahesabiwa tena kuwa kinywaji. Alipouliza kama kuna marekebisho, mikono kumi ilinyooka kwa pamoja, ikitaka iandikwe wazi kwamba azimio hilo halimhusu mwenyeji wa Novemba.