Barua ya posa na kalenda ya mavuno

"Mjomba, mwezi wa nane natimiza 30. Kuna mtu yupo, sina kosa kubwa la kumtaja, na nyumbani wanataka barua yake ipokelewe kabla mavuno hayajaisha. Nitajuaje kama ni mimi ninayetaka, au ni maneno yao yameniingia kichwani?"

Anza na hiyo tarehe, binti yangu. Kabla hujajiuliza unampenda kiasi gani, uliza "kabla mavuno hayajaisha" imetoka wapi. Mkoa wetu wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba mpaka Aprili hivi. Mei na Juni watu wanavuna uwele, mtama, karanga na alizeti. Ghala lina chakula, alizeti imeuzwa, ng'ombe bado wana miili. Ndiyo maana posa na harusi za vijijini kwetu zinarundikana baada ya hapo. Ukipitisha Septemba mambo yanabana, na ikifika Januari hakuna mzee atakayekubali kulisha ukoo mzima wakati debe la mahindi limepanda bei. Kwa hiyo shangazi yako anaposema Juni, hakutungii shinikizo. Anasoma shamba. Tatizo ni kwamba hiyo ni tarehe ya shamba, na wewe umeisikia kama tarehe ya moyo wako.

Fanya hivyo kwa kila anayekusukuma, utaona kila mmoja ana tarehe yake mfukoni. Mama ana presha, na anataka akuone kwako angali anatembea. Mdogo wako wa miaka 24 ana mchumba, na wazee hawapendi mdogo amtangulie mkubwa. Kaka yako hasemi kitu, ila kwenye koo za wafugaji mifugo ya mahari ya dada ndiyo humsogeza kaka naye akaoe, na hilo analijua kila aliyekaa pale chini ya mbuyu. Marafiki nao wana daftari lao. Tuseme umechangia harusi 14, elfu hamsini kila moja: laki saba ya jasho lako iko kwao, nao wanaona aibu kudaiwa. Kamati ya harusi wanayokutania nayo kwenye kundi la Wotsapu, nusu yake ni mapenzi na nusu ni deni wanalotaka kulipa.

Hakuna aliye mwovu hapo. Vijana wengi wanakosea wakidhani ndugu wanapiga kelele tu. Wana sababu, na moja ni nzito kuliko zote: uzazi. Uwezo wa mwanamke kushika mimba huanza kupungua taratibu ndani ya miaka ya thelathini, na baada ya 35 hupungua kwa kasi zaidi. Shangazi hakusoma hilo popote, ameliona kwa wanawake aliowahi kuwasindikiza hospitali. Kama unataka watoto, hesabu hiyo ni yako, usiitupe kwa sababu tu imetoka kinywani mwake. Ila iangalie ilivyo. Inasema usifike 38 bila kuwa umefikiri. Haisemi lolote kuhusu Juni mwaka huu.

Sasa nije kwa upande ambao huwa hausikilizwi, wa anayesubiri. Huyo jina lake mtaani ni "anaringa". Atapigiwa methali ya mchagua nazi, hapa Dodoma ambako mnazi wenyewe watu huusikia kwa wenzao wa pwani. Nyuma ya methali hiyo kuna dhana kwamba upo umri wa kawaida, na yeye ameupita. Umri huo ni upi?

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 uliwauliza wanawake wa miaka 25 hadi 49 waliolewa lini mara ya kwanza. Umri wa katikati ulikuwa 19.2, yaani nusu yao walikuwa wameshaolewa kabla ya kufika hapo. Wanaume walikuwa wamechelewa kwa takriban miaka 5. Nimekaa na hiyo 19.2 muda mrefu, maana ndiyo inayozungumza kila shangazi anapofungua mdomo, hata kama hajawahi kuiona. Wamo ndani yake wanawake waliozaliwa kuanzia katikati ya miaka ya sitini. Wamo wengi walioishia darasa la saba, na wengine ambao hawakukaa darasani kabisa. Waliofika sekondari na kuendelea waliolewa miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo ile "kawaida" ni wastani wa maisha ya mama yako na rika lake, umetandikwa juu yako.

Ipige hesabu kwako. Darasa la kwanza na miaka 7, la saba ukiwa 13 au 14, kidato cha nne 17 au 18, cha sita 20, shahada 23. Kisha ukasubiri ajira mwaka, labda miwili. Mwenzako wa 19.2 alipokuwa akipika kwenye jiko lake mwenyewe, wewe ulikuwa ukikariri kemia bwenini, tena kwa kutumwa na ukoo huohuo. Walikuuzia mbuzi ili usome. Mshahara ulipoanza, bodi ya mikopo ikachukua asilimia 15 kila mwezi, na iliyobaki ikagawanyika kati ya kodi ya chumba Nkuhungu na dawa za mama. Ukihesabu tangu ulipoanza kuwa mtu mwenye kipato na usiku wa kufikiri mambo yake, una miaka minne au mitano tu. Huyo wanayemwita mchelewaji hajachelewa popote, alianza safari baadaye kwa sababu walimpeleka kituo kingine kwanza.

Hilo halikufanyi uwe tayari, wala halikufanyi usiwe. Kuna ndoa moja niliyoipelekea barua mimi mwenyewe. Nimekuwa mshenga mara tano, na hiyo ndiyo inayonirudia. Tulifika upande wa Chamwino saa nne asubuhi, watu wanne, barua ndani ya bahasha, kitambaa na fedha ya kufungulia mdomo. Wazee wakatuweka kwenye viti vya plastiki, maji yakaletwa, maneno ya kuzunguka yakazungukwa. Kisha binti akaitwa. Alikuwa na miaka 28, muuguzi, anatoka zamu ya usiku. Baba mdogo wake akamuuliza swali ambalo huulizwa siku zote: "Wageni hawa unawafahamu?" Akajibu, "Nawafahamu." Vigelegele vikapigwa.

Nilikuwa nimekaa upande wake, nikaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Hakumwangalia baba mdogo wala sisi wageni. Alimwangalia mama yake, na mama akashusha mabega kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Binti naye akatabasamu kwa sababu ya mabega yale. Miezi minane baada ya harusi alirudi kwao na begi moja. Aliniambia, bila hasira, kwamba siku ile alikuwa akijibu swali la mama. La kwake hakuna aliyemuuliza, naye hakujiuliza.

Mume hakuwa mtu mbaya. Hawakuwa wamewahi kuzungumza kwamba yeye alitarajia mkewe aombe uhamisho amfuate Singida, wala kwamba ana mtoto kwa mwanamke mwingine, na kila mwezi yeye humtumia mtoto huyo fedha. Mambo hayo mawili yangetoka kwa mazungumzo ya Jumamosi moja. Hayakutoka, kwa kuwa tangu barua ifike kila mazungumzo yalikuwa ya sare, ukumbi na nani hajachanga. Hiyo ndiyo dalili ninayoiangalia siku hizi. Watu wawili wanaotaka ndoa huongea juu ya Jumatatu ya baada ya harusi: tutakaa wapi, deni lako la bodi tunalilipaje, mama yako akiugua analetwa kwa nani. Wanaosukumwa huongea juu ya Jumamosi yenyewe.

Jaribio langu kwako ni dogo. Mwambie huyo bwana kwamba ungependa posa isogezwe mpaka mavuno ya mwakani, usimpe sababu ya mtu mwingine, kisha jisikilize usiku huo. Ukilala usingizi mzito kama mtu aliyefutiwa mtihani, Juni ilikuwa ya kwao. Ukijikuta unahesabu miezi na kuona 12 ni mingi mno, kwa sababu kuna kitu ulitaka kuanza naye, basi maneno yao na utashi wako vimekutana tu njiani, na hilo si kosa. Msikilize na yeye. Akikuuliza "kwa nini, kuna nini tuongee?", huyo ana swali. Akikimbilia kumpigia shangazi yako, umejifunza jambo ambalo lingekugharimu baadaye.

Kugharimu si neno la kukutisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Kutoka ni hadithi nyingine: bila ruhusa ya mahakama huwezi kuomba talaka kabla ndoa haijatimiza miaka 2, na kwa kawaida lazima kwanza upitie baraza la usuluhishi wa ndoa. Mlango wa kuingilia ni wa wiki tatu, wa kutokea ni wa misimu miwili ya kilimo. Uchumba uko katikati. Aliyevunjiwa ahadi anaweza kudai hasara aliyoipata kwa kugharimia ahadi hiyo, lakini hakuna mahakama inayoweza kukulazimisha uolewe. Maana yake muda wa kusita ukiwa na gharama ndogo ni huu ulio nao, kabla ng'ombe hawajahesabiwa.

Kwa shangazi usiende na "bado". Neno hilo kwake ni mlango ulio wazi, atarudi Jumapili ijayo. Mpe tarehe na sababu iliyo yako: "Shangazi, barua nitaipokea mwakani baada ya kuvuna, kuna mambo mawili naongea naye kwanza." Kuhusu mdogo wako, mwombe baba aite wazee, useme mbele yao kwamba umemruhusu atangulie. Koo nyingi zina namna ya kulimaliza hilo, kitambaa au mbuzi kwa mkubwa, na tarehe moja kati ya zile inatoka mezani.

Na kama wageni watakuja hata hivyo mwaka huu, kumbuka kupokea barua na kujibu barua ni siku mbili tofauti. Bahasha inaweza kukaa kabatini kwa mama mwezi mzima. Wakikuita uulizwe kama unawafahamu, mwangalie anayeuliza.