Usilipie Premium Kabla ya Kuwa na Majina Mkononi

Mara ya kwanza nililipia Premium Career, kifurushi cha kulipia cha mtandao wa kazi wa LinkedIn, usiku uleule nilipokataliwa kazi ya tatu. Mwezi mzima nikawa naangalia nani ametazama wasifu wangu na nimezidiwa na waombaji wangapi. Mwezi ukaisha sijamwandikia mtu hata mmoja, na pesa ile ilitoka kwenye akiba ya mtu asiye na mshahara.

Idadi ya waombaji huvunja moyo bure. Tangazo linalokupeleka kwenye tovuti ya mwajiri huhesabu waliobofya kitufe cha kuomba, na wengi wao huishia njiani bila kujaza fomu. Ukiona mia moja, hujui hasa unashindana na wangapi. Arifa za kazi mpya na alama ya kuonyesha kwamba unatafuta kazi ni za bure.

Kwa maoni yangu, kinacholipiwa pale ni InMail, yaani ujumbe kwa mtu ambaye hamjaunganishwa. Kifurushi cha Career hutoa tano kwa mwezi. Uzuri wake ni kwamba mpokeaji akijibu ndani ya siku 90, hata kama jibu ni hapana, unarudishiwa ile nafasi. Kwa hiyo tano zinaweza kuzaa zaidi, mradi uzitume mwanzoni mwa mwezi, ili majibu yakukute bado umelipia.

Mara ya pili nilianza na daftari. Kwa wiki mbili niliorodhesha kampuni kumi na mbili, na kwa kila moja nikatafuta mkuu wa kitengo ambaye ningefanya kazi chini yake. Wanne tulikuwa na rafiki wa pamoja, nikaomba nitambulishwe. Watatu wasifu wao ulikuwa wazi kupokea ujumbe wa yeyote. Wakabaki watano, sawasawa na InMail zangu, na hapo ndipo nikawasha mwezi wa majaribio wa bure. Kila mmoja nilimwandikia sentensi nne: kazi gani nimeiona, nini nimewahi kufanya kinachofanana nayo, na swali moja analoweza kulijibu akiwa amesimama. Wawili walijibu, nafasi mbili zikarudi, nikaandikia wengine wawili. Majibu hayo mawili yalizaa usaili mmoja.

Majaribio hayo huomba kadi na hugeuka malipo yenyewe, kwa hiyo niliweka kengele ya simu siku tatu kabla ya mwisho. Orodha ilikuwa imekwisha, nikasitisha.

Daftari lako likiwa na majina mawili tu, mwezi wa kulipia bado haujafika. Na kama kazi unazoomba hupitia fomu ya serikali na mtihani wa maandishi, hakuna mkuu wa kitengo wa kumwandikia. Mimi nisingelipa kabisa.