Namba 25 kwenye piknometa si ujazo wake

Jana nilipitia ripoti ya kijana mmoja aliyepima densiti ya ethanoli. Alifanya kazi safi, alipima mara tatu, kisha akagawanya uzito kwa 25 kwa sababu piknometa, yaani chupa ndogo ya kupimia densiti, imeandikwa 25. Msimamizi wake akaweka saini. Niliumia, maana kazi yote ile iliharibiwa na namba ambayo kijana hakuipima.

Namba ile inakwambia ukubwa wa chupa tu. Ujazo wenyewe unaupata kwa maji. Chupa yangu ikiwa kavu ni gramu 22.415. Nikiijaza maji yaliyotoneshwa, yaliyochemshwa kutoa hewa kisha yakapozwa hadi nyuzi 28, inafika 47.262. Maji, basi, ni gramu 24.847. Hapa ndipo wengi wanapoteleza mara ya pili: wanasema densiti ya maji ni 1, kwa hiyo ujazo ni 24.847. Kwa nyuzi 28 densiti ya maji ni 0.99624, na ujazo wa kweli ni mililita 24.941.

Ethanoli iliyojaza chupa hiyohiyo, kwa nyuzi zilezile, ilikuwa gramu 19.516. Ukigawanya kwa 25 unapata 0.781. Ukigawanya kwa ujazo wa “maji ni 1” unapata 0.785. Jibu ni 0.782. Na usiliandike bila joto lake! Densiti ya ethanoli hupungua takriban 0.00085 kwa kila nyuzi moja inayopanda, kwa hiyo ukitaka kulinganisha na jedwali la nyuzi 20, ongeza nyuzi nane zake: 0.789.

Kioo nacho hutanuka, nakubali, lakini kwa kioo cha borosiliketi nyuzi nane hazifikishi hata sehemu moja ya elfu kumi ya ujazo. Mwelea wa hewa, yaani hewa kuibeba chupa kidogo ikiwa mizanini, unagusa tarakimu ya nne baada ya nukta. Anayeishia ya tatu auache.

Kinachoniogopesha zaidi ni kiganja. Ukikumbatia chupa iliyojaa, ethanoli ikapata nyuzi tatu tu, karibu mililita 0.08 zinapanda kwenye tundu jembamba la kifuniko na kumwagika. Unafuta tone, unaona chupa imekauka vizuri, unapima. Baadaye chupa inapoa, na ukitazama tundu lile utaona kimiminika kimeshuka chini ya ukingo. Hiyo ndiyo dalili. Usiongezee tone juu. Mimina, jaza upya, iache kwenye beseni la maji lenye joto unalolitaka mpaka kimiminika kitulie, futa tundu mara moja, kisha ishike shingoni kwa karatasi.

Rudia na maji mpaka vipimo vitatu vitofautiane kwa miligramu chache tu. Kimoja kikiwa chepesi kwa miligramu 20, tafuta kiputo chini ya kifuniko kabla hujailaumu mizani.