Bando la Akiba Peke Yake Halitoshi

Kijana akipata usaili wa kazi ya programu na kampuni ya nje, ushauri anaopewa ni ule ule: uwe na intaneti mbili. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba ushauri unaishia hapo. Mtu anaingia kwenye usaili akiwa na faiba ya nyumbani na simu yenye bando mezani, na hajawahi kujaribu kuhama kutoka moja kwenda nyingine huku anaongea na mtu. Hapo hana akiba, ana matumaini.

Chukua kisa cha dada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, aliyesailiwa na kampuni ya Berlin. Umeme ulikatika katikati ya swali. Laptopu iliendelea kwa betri yake, ruta ikazima. Akawasha hotspoti kwenye simu, akarudi, akaomba radhi, wakaendelea vizuri. Kisha mama yake akampigia. Simu alikuwa ameizima mlio tangu asubuhi, kwa hiyo hakusikia kitu. Alichoona ni uso wa msaili umeganda. Mama akakata, mtandao ukarudi. Mama, kama mama wote, akapiga tena.

Kuzima mlio hakuzuii simu kuingia, kunakufanya usiisikie tu. Simu ikiingia kwenye laini ambayo haipigi kwa 4G, inashuka hadi 3G au 2G ili ipokee, na intaneti inashuka nayo au inasimama kabisa. Ukiwa na laini mbili kwenye simu moja mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu simu nyingi husimamisha data ya laini moja pale nyingine inapopokea. Dawa yake si ngumu. Toa laini ya pili. Kwenye laini ya bando, tumia namba isiyojulikana na mtu, au hamisha simu zote ziende namba nyingine kwa kupiga `**21*namba#`, halafu usaili ukiisha uzirudishe kwa `##21#`. Simu ya kupigiwa iwe kifaa kingine kabisa, hata kitochi.

Na ruta? Angalia maandishi kwenye chaja yake. Nyingi zinatumia volti 12, na maduka ya vifaa vya kompyuta yanauza UPS ndogo, yaani betri za akiba, za volti hizo. Ukiwa na faiba, kagua kama kuna kisanduku kingine ukutani kinacholeta mtandao kwenye ruta. Kama kipo, nacho kinahitaji umeme, na ruta inayowaka bila hicho kisanduku ni taa tu.

Sasa tuje kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko bando lenyewe, yaani kujua mapema nini kitupwe kwanza mtandao ukidhoofika. Zoom wenyewe wanaeleza kwamba picha ya kawaida ya watu wawili inahitaji kama kilobiti 600 kwa sekunde kila upande. Sauti peke yake inahitaji 60 hadi 80. Kuonyesha skrini bila picha za nyuso ni 50 hadi 75. Kihariri cha pamoja, ule ukurasa ambao wewe na msaili mnaona herufi zile zile zikiandikwa, kinatuma maandishi tu na hakina uzito wa kuzungumzia. Kwa maneno mengine uso wako ndio mzigo mkubwa kuliko vyote, na ndio kitu ambacho msaili anaweza kukikosa bila hasara. Lakini watu wengi, sauti ikianza kukatakata, wanang'ang'ania kamera kwa adabu, kisha wanapoteza kila kitu. Zima kamera. Sema unaizima na kwa nini. Kwa hesabu hizo hizo, saa nzima ya video kwa kilobiti 600 kwenda na 600 kurudi ni kama MB 540, kwa hiyo bando la GB 2 linatosha usaili wa saa moja hata picha zikipanda ubora kidogo, mradi kompyuta isianze kujipakulia masasisho kimyakimya. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya ile hotspoti uwashe `Metered connection` ili ijizuie.

Kuonyesha skrini nina maoni ambayo wasaili wengine hawayapendi: kama kuna kihariri cha pamoja, hakuna haja ya kuonyesha skrini. Skrini ni picha ya kazi yako inayofika kwa kuchelewa, na mtandao ukidhoofika herufi ndizo zinazofifia kwanza. Iwekwe kama njia ya dharura pale kihariri kinapogoma. Lakini hata njia ya dharura inahitaji kufunguliwa kabla. Kwenye kompyuta za Mac, mara ya kwanza unapotaka kuonyesha skrini inabidi utoe ruhusa kwenye `Privacy & Security`, halafu programu ya mkutano ifungwe na kufunguliwa upya. Ukigundua hilo mbele ya msaili, umetoka mkutanoni kwa mkono wako mwenyewe. Onyesha dirisha moja, usionyeshe skrini nzima, la sivyo jumbe za WhatsApp za ukoo zitasailiwa pamoja nawe.

Jaribio la maana ni moja, na linafanywa siku moja kabla, saa ile ile ya usaili, kwa sababu mtandao wa saa nne asubuhi si wa saa kumi na mbili jioni. Mpigie rafiki kwa video, fungueni kihariri cha pamoja, kisha chomoa ruta kwenye umeme. Usimwambie utachomoa lini. Simu iwe tayari imeunganishwa na laptopu kwa waya wa USB, maana waya unachaji huku unaleta mtandao. Lakini kitufe cha `USB tethering` kiache kimezimwa hadi uhitaji. Ukikiwasha mapema, mara nyingi Windows itauona kama mtandao wa waya na kuupendelea kuliko waifai, na bando la akiba litaliwa wewe ukidhani uko kwenye faiba. Hesabu sekunde hadi rafiki akusikie tena, kisha andika neno kwenye kihariri umuulize kama limefika. Wakati mwingine sauti inarudi huku kihariri kinaonekana kizima lakini hakipokei kitu, na ukurasa unahitaji kupakiwa upya.

Waifai ikisumbua bila kukatika, tafuta kwanza kosa liko wapi. Kwenye Windows, fungua madirisha mawili ya amri, uandike hizi, namba ya kwanza ikiwa ya ruta yako na ya pili ya seva iliyo nje kwenye intaneti:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 1.1.1.1
```

Muda wa majibu kwenye ya kwanza ukirukaruka, tatizo liko ndani ya nyumba. Sogea karibu na ruta au tumia waya. Ya kwanza ikitulia na ya pili ikiyumba, tatizo liko nje, hamia simu.

Kuna siku haya yote hayasaidii. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na watu wa Afrika Mashariki waliokuwa na kampuni mbili tofauti za intaneti waliona zote mbili zikizorota pamoja. Siku kama hiyo kinachobaki ni simu ya kawaida, na ndiyo maana msaili anapaswa kuwa na namba yako kabla. Mwandikie jana yake: "Nikitoweka, nipe dakika tatu. Nikirudi nitakuwa bila kamera. Zikipita dakika tatu, nipigie namba hii, tuendelee kwa sauti huku ninaandika kwenye kihariri, na kikigoma nacho, tupange saa nyingine." Binafsi naona ujumbe huo ulipaswa kutoka kwa kampuni, kwa sababu wao ndio waliochagua kusaili kwa video. Hadi watakapojifunza, utume wewe.