Jedwali Lisilobeba Hoja Lisiwekwe

Fungua sura ya nne ya tasnifu nyingi za uzamili zinazoandikwa huku magharibi mwa Kenya na utaikuta sentensi hii: "Jedwali 4.1 linaonyesha idadi ya watu katika kaunti." Linafuata jedwali lenyewe, halafu aya nzima inayosoma tena tarakimu moja baada ya nyingine. Msomaji amepewa takwimu zile zile mara mbili na bado hajui mwandishi anadai nini. Mimi nashikilia kwamba sentensi ya aina hiyo ifutwe. Ikiwa hakuna dai la kuiweka mahali pake, basi jedwali nalo liondoke.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anataka kudai kuwa wingi wa watu katika kaunti hauonyeshi jinsi walivyobanana, kwa hivyo anayepanga huduma za ardhi asitazame jumla pekee. Takwimu anazo, za sensa ya 2019. Katika rasimu ya kwanza ameandika juu ya jedwali "Idadi ya Watu", akazipanga kaunti kwa alfabeti: Bungoma, Kakamega, Kisumu, Nakuru, Vihiga. Alfabeti husaidia mtu anayetafuta kaunti yake. Hapa hakuna anayetafuta kaunti, kuna anayefuata hoja, na hoja inahusu msongamano. Basi msongamano ndio upange safu:

Jedwali 4.1: Idadi na msongamano wa watu katika kaunti tano za Kenya, sensa ya 2019 (kuanzia yenye msongamano mkubwa zaidi)

| Kaunti | Idadi ya watu | Watu kwa kilomita mraba |
|---|---:|---:|
| Vihiga | 590,013 | 1,047 |
| Kakamega | 1,867,579 | 618 |
| Kisumu | 1,155,574 | 554 |
| Bungoma | 1,670,570 | 552 |
| Nakuru | 2,162,202 | 290 |

*Chanzo: Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS). Msongamano umepimwa kwa eneo la kaunti, si kwa ardhi inayolimwa pekee.*

Angalia kichwa cha jedwali kimebeba nini: kitu kilichopimwa, mahali, mwaka, na mpangilio wa safu. Vipimo viko kwenye vichwa vya safu wima, havirudiwi katika kila kisanduku. Chanzo na tahadhari viko chini. Jedwali hili likinakiliwa peke yake na kupachikwa kwenye ripoti ya mtu mwingine, bado litaeleweka. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: funika aya zote zinazolizunguka, kisha mpe mtu ambaye hajaisoma kazi yako. Akiuliza "hii ni ya mwaka gani?" au "asilimia ya nini?", kichwa hakijakamilika.

Tahadhari ile ya chini si pambo. Ndani ya Kaunti ya Nakuru kuna Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ambako hakuna shamba la mtu. Msomaji makini ataliona hilo mara moja, na asipokuta maelezo atalitilia shaka jedwali zima. Mstari mmoja chini ya jedwali humjibu kabla hajauliza.

Sasa aya. Isiseme kwamba jedwali lipo, iseme dai, kisha jedwali litajwe kwenye mabano kama ushahidi: "Kaunti yenye watu wengi zaidi kati ya hizi tano ndiyo yenye msongamano mdogo zaidi. Vihiga, ambayo jumla ya watu wake ni ndogo kuliko zote, ina msongamano unaozidi ule wa Nakuru kwa zaidi ya mara tatu na nusu (Jedwali 4.1)." Sentensi mbili zinatosha. Bungoma na Kisumu hazikutajwa, wala hazihitaji kutajwa, kwa sababu jedwali linazisema. Aya humwelekeza msomaji mahali pa kutazama na kumwambia kuna maana gani, na jedwali hubeba tarakimu zilizobaki. Kama aya imetaja kila kisanduku, kimojawapo kati yake na jedwali hakina kazi.

Mtajo huo utangulie jedwali, na jedwali lije karibu na aya hiyo, ikiwezekana ukurasa ule ule. Tena litajwe kwa namba, kamwe si kwa "jedwali lililo hapo juu" au "lifuatalo". Msimamizi akiongeza aya mbili, la juu linahamia ukurasa mwingine na "hapo juu" inaelekeza kwenye jedwali jingine kabisa.

Kwa vielelezo, yaani grafu, ramani na picha, desturi ya vyuo vingi ni maelezo kukaa chini, ilhali kichwa cha jedwali hukaa juu. La muhimu zaidi ni rangi. Tasnifu hutolewa nakala nyeusi na nyeupe, na nguzo nyekundu na ya kijani zikipita kwenye mashine ya kunakili hutoka kijivu kinachofanana. Maelezo yanayosema "nyekundu ni Vihiga" hapo yamekufa. Andika jina la kaunti kando ya nguzo yenyewe. Na usiweke grafu ya tarakimu zile zile ulizokwisha kuziweka kwenye jedwali: chagua grafu kama hoja yako ni umbo au mwelekeo, chagua jedwali kama msomaji atazihitaji tarakimu kamili.

Namba zenyewe zisiandikwe kwa mkono. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika wiki ya mwisho: jedwali moja linaongezwa katikati ya sura, yaliyo baada yake yanasogea, na mitajo ndani ya aya inabaki na namba za zamani. Katika Word, bofya jedwali, nenda `References`, kisha `Insert Caption`. Kwa kuwa orodha iliyopo ni ya Kiingereza, bonyeza `New Label` na uandike Jedwali. Rudia kwa Kielelezo. Ili upate 4.1 badala ya 1, fungua `Numbering`, uchague `Include chapter number`, na kwenye `Use separator` ubadilishe kistari kiwe nukta (`period`). Hii hufanya kazi tu ikiwa vichwa vya sura vimewekwa mtindo wa `Heading 1` wenye namba za kujiendesha. Ndani ya aya tumia `Cross-reference` na uchague `Only label and number`. Ukiacha `Entire caption`, kichwa chote cha jedwali kitamwagika katikati ya sentensi yako.

Kichwa kikibaki mwisho wa ukurasa na jedwali likaanza ukurasa unaofuata, weka kishale kwenye kichwa, fungua `Paragraph`, kisha `Line and Page Breaks`, na utie alama kwenye `Keep with next`.

Kabla ya kupeleka faili saiba kuchapishwa, bonyeza `Ctrl+A` halafu `F9` ili namba zote zijisasishe. Kisha bonyeza `Ctrl+F` na utafute neno `Error!`. Likitokea `Error! Reference source not found.`, maana yake ulifuta jedwali ukauacha mtajo wake. Rudi kwenye aya hiyo uisome upya yote, maana pale penye mtajo palikuwa na dai, na sasa dai hilo halina ushahidi.