Futari ya wateja, vikapu vya Idi na faini ya forodha: kwa nini kodi inavikataa, Uingereza na Mombasa

Wafanyabiashara wengi wa Mombasa huamini kwamba shilingi ikishatoka kwenye akaunti ya kampuni na ikawa na risiti, basi ni gharama ya biashara na itapunguza kodi. Huku Uingereza imani hiyo haidumu hata mwaka mmoja, maana mhasibu wa kwanza utakayempa vitabu vyako atakuuliza: kati ya hizi risiti, ipi ni ya kumkirimu mteja, ipi ni zawadi, ipi ni faini? Nyumbani swali hilo huja baada ya miaka mitatu minne, likiletwa na mkaguzi wa KRA, na wakati huo riba imeshapanda.

Tuchukue kampuni inayoagiza vigae na kuviuza kwa jumla kutoka ghala la Shimanzi. Vitabu vyake vinaonyesha faida ya shilingi 2,000,000. Ndani ya matumizi ya mwaka kuna futari iliyoandaliwa wateja wakubwa hotelini Nyali, shilingi 174,000. Kuna vikapu vya Idi vya tende, mchele na mafuta, shilingi 126,000. Kalenda zenye nembo ya kampuni zimekula 90,000. Faini ya forodha kwa kutangaza katoni pungufu ni 200,000, na lori lilizidisha uzito likapigwa faini ya 20,000 kwenye mizani ya Mariakani. Mwisho kuna demareji ya 310,000 iliyolipwa wenye meli kwa kuchelewa kurudisha makontena.

Mhasibu makini harekebishi vitabu. Anachukua ile faida ya 2,000,000, kisha kwenye karatasi ya hesabu ya kodi anairudishia gharama zilizokataliwa: futari, vikapu na faini zote mbili. Jumla ni 520,000. Faida ya kutozwa kodi inakuwa 2,520,000, na kwa asilimia 30 ya kampuni mkaazi wa Kenya, kodi ni 756,000. Mwenye kampuni alitarajia 600,000. Zile 156,000 za ziada ndizo bei halisi ya kutojua.

Kalenda zimebaki kwa sababu ni tangazo: zinaning'inia dukani kwa fundi mwaka mzima zikitaja jina lako. Demareji nayo imebaki, na hapa ndipo watu wa bandarini huchanganyikiwa sana. Kwa sikio demareji ni faini, maana inauma na huja kwa kuchelewa. Kisheria ni malipo ya mkataba kati yako na mwenye kontena, sawa na pango la ghala lililokaa na mzigo wako siku nyingi kuliko ulivyopanga. Hujavunja sheria, umechelewa tu. Faini ya forodha ni kitu kingine: inatolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 kwa sababu tamko halikuwa la kweli. Ili kuzitenganisha, tazama nani ametoa karatasi na anadai kwa msingi gani. Ankara ya kampuni ya meli ni gharama. Notisi ya adhabu kutoka kwa mamlaka haishushi kodi hata senti.

Sababu ya kukataa faini inaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu. Faini ya 200,000 ingeruhusiwa, kodi ingeshuka kwa 60,000. Maana yake hazina ya umma ingemlipia mkosaji karibu theluthi ya adhabu yake. Mahakama za Uingereza zilisema hivi tangu 1920, katika kesi ya Alexander von Glehn, kampuni ya kuuza bidhaa nje iliyotozwa adhabu kwa kutohakikisha kwamba bidhaa zake hazimfikii adui wakati wa vita. Mahakama ilikataa: hasara ya biashara ni moja, adhabu ya kuvunja sheria ni nyingine. Miaka mingi baadaye, 1999, kesi ya McKnight na Sheppard ikaongeza jambo la manufaa: faini ilikataliwa, lakini ada ya wakili aliyemtetea mfanyabiashara ili asipoteze riziki yake ilikubaliwa. Ndiyo maana ni makosa kuandika faini na ada ya wakili kwa mstari mmoja.

Kwenye ukarimu ndipo nchi hizi mbili zinapoachana. Uingereza ilifunga mlango mwaka 1965: chakula cha mteja hakikatwi kwenye faida inayotozwa kodi, hata kama mlisaini mkataba juu ya sahani. Zawadi ina mstari wake. Iwe na tangazo linaloonekana wazi, isiwe chakula, kinywaji, tumbaku wala vocha, na kwa mtu mmoja isizidi pauni 50 kwa mwaka. Shajara ya pauni 12 yenye nembo inapita. Boksi la tende lenye nembo hiyo hiyo halipiti, kwa kuwa ni chakula. Na zawadi ya pauni 51 hukataliwa yote, si ile pauni moja iliyozidi.

Kenya haikuchora mstari wa namna hiyo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinataka gharama iwe imetumika yote na kwa ajili ya kutafuta mapato tu, na cha 16 kinakataa matumizi ya starehe binafsi pamoja na bili za hoteli na migahawa, isipokuwa mambo kama safari ya kikazi. Hivyo meneja wako akienda Nairobi kufuatilia malipo, chumba chake na chakula vinapita. Futari ya Nyali haipiti. Mgeni amekula, amefurahi, nawe umekula naye, na hakuna kati yenu atakayetozwa kodi kwa mlo huo. Mshahara hukatwa kwenye faida yako lakini hutozwa kodi kwa mfanyakazi. Mlo wa mteja ungekatwa bila kutozwa popote. Hata VAT ya asilimia 16, shilingi 24,000 ndani ya ile bili ya 174,000, huwezi kuidai.

Kwa maoni yangu Uingereza ni kali zaidi kwa sahani ya mteja, lakini inamtendea mfanyabiashara haki zaidi, kwa sababu anajua jibu kabla hajatoa pesa. Kenya nayo ingetaja kiwango cha zawadi kwa shilingi. Kwa sasa kikapu cha Idi kinategemea ubishi kati ya mhasibu na mkaguzi, na mwenye duka dogo hana pesa za kubishana.

Ujanja unaowaponza wengi ni kuiandika futari kama "chakula cha wafanyakazi". Tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hukataliwa, na ankara hiyo inataja hoteli, tarehe na kiasi. Kampuni yenye wafanyakazi sita haiwezi kuwa na bili ya sahani sitini jioni ya Ramadhani. Ikigundulika, kodi iliyopungua hulipwa pamoja na adhabu na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na hizo nazo hazikatwi kwenye faida ya mwaka unaofuata.

Fungueni kwenye leja akaunti tano tofauti tangu Januari: ukarimu wa wateja, zawadi, matangazo, faini na demareji. Kwenye kila ankara ya hoteli andikeni nyuma kwa kalamu nani alikula na kwa safari gani. Na msimu ujao wa Idi, anayetaka kodi ipungue apeleke kalenda. Anayetaka kupeleka tende apeleke, akiwa tayari kulipa mwenyewe 3,000 kamili kwa kila kikapu cha 3,000.